Video Haina Chama, Kichwa Chake Je?

Mwaka 2005, Wakenya walipoitwa kuamua kuhusu rasimu ya katiba, tume ya uchaguzi ya wakati huo iliwapa matunda mawili ya kuchagua: ndizi kwa anayekubali, chungwa kwa anayekataa. Nia ilikuwa njema. Tunda halina kabila wala chama, na hata asiyejua kusoma hawezi kukosea ndizi na chungwa. Kura ikapigwa tarehe 21 Novemba, upande wa chungwa ukashinda, na viongozi walioongoza kampeni ya kukataa wakaondoka nalo. Likazaa vuguvugu, vuguvugu likazaa chama, ndicho ODM. Tangu siku hizo, mtu akitengeneza bango la elimu ya uraia nchini Kenya akaweka machungwa mezani kama pambo, kuna watazamaji watakaomuuliza anampigia nani.

Kisa hicho ni cha bango, lakini somo lake limehamia kwenye simu. Elimu ya mpiga kura siku hizi husafiri kwa video, na video haisafiri uchi. Inaambatana na kichwa, aya ya maelezo, maneno ya utafutaji yanayoitwa lebo, kijipicha kinachoonekana kabla mtu hajabonyeza, majina ya sura zilizomo ndani, manukuu, hata jina la faili lenyewe. Vyote hivyo kwa pamoja ndivyo metadata. Watengenezaji wengi huhangaika wiki nzima na hati ya video: kila sentensi inapitiwa, kila takwimu inahakikiwa, mwanasheria anasoma. Kisha metadata inaandikwa usiku wa manane na kijana wa mitandao aliyeambiwa apandishe video kabla ya asubuhi.

Hapo ndipo mambo huharibika, kwa sababu watu wanaosoma kichwa ni wengi mno kuliko wanaotazama video. Kiungo cha YouTube kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, wanakundi huona kijipicha, kichwa na pengine mstari wa maelezo. Wengi hawabonyezi, ila hukumu huwa wameshatoa. Tena kijisanduku hicho hutengenezwa kwenye simu ya anayetuma, wakati anatuma. Ukigundua kosa baada ya saa tatu ukabadilisha kichwa huko YouTube, ujumbe uliokwisha kutumwa unabaki na kichwa cha zamani. Maneno ya kwanza ndiyo yanayozunguka.

Ili kuona kosa linavyoingia, tuchukue mfano wa kubuni uliowekwa katika uchaguzi wa kweli. Tuseme kikundi cha kijamii mjini Nakuru kilitengeneza video ya dakika nne kabla ya Uchaguzi Mkuu wa Kenya wa 9 Agosti 2022. Video ni safi. Inaeleza kwamba mpiga kura anakwenda kituoni na kitambulisho cha taifa au pasipoti aliyojiandikishia, anatambuliwa kwa kifaa cha KIEMS, anapewa karatasi sita za kura: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Anatia alama moja kwenye kila karatasi, anakunja, anatumbukiza kila moja kwenye sanduku lake. Hakuna chama kinachotajwa. Sasa video inapandishwa hivi:

```
Kichwa:  MAMA MBOGA, HII NDIYO NAFASI YAKO! Piga kura ya mabadiliko
Maelezo: Tumechoka na viongozi wanaotusahau. Jitokeze tarehe 9!
Lebo:    hustler, Ruto, Raila, uchaguzi 2022, IEBC
```

Kijipicha kinamwonyesha mwanamke gengeni, anatabasamu, ameshika karatasi ya njano na ya kijani. Nyuma yake kuna wilbaro iliyojaa sukumawiki.

Mtu wa Muscat au wa Bujumbura akiitazama picha hiyo haoni kitu. Mkenya wa mwaka 2022 anaona tangazo la kampeni. Wilbaro ilikuwa alama ya UDA, chama cha William Ruto, na njano na kijani ndizo rangi zake. Neno “hustler” lilikuwa ndilo jina alilowapa wafuasi wake, na mama mboga na kijana wa bodaboda walikuwa ndio wahusika wakuu wa hotuba zake kila alikopanda jukwaani. Kikundi chetu cha Nakuru hakikukusudia hayo. Kilimtaka mwanamke wa kawaida anayetambulika na kila mtu, na genge ni mahali pa kawaida. Lakini msimu ule wa kawaida alikuwa amekwisha kupata chama.

Rangi za karatasi zina hadithi yake. Karatasi za kura za Kenya hutofautishwa kwa rangi ili mpiga kura asichanganye masanduku: ya rais ni nyeupe, ya seneta ni ya njano, ya mbunge ni ya kijani, na nyingine zina rangi zake. Rangi hizo zilikuwapo kabla ya UDA kuundwa. Kwa hiyo mtengenezaji anaweza kujitetea kwamba ameonyesha karatasi halali za tume, na atakuwa anasema kweli. Utetezi huo hauna faida mahali ambapo hakuna anayemsikiliza. Anayepitisha kidole kwenye skrini hajui kwamba ile ni karatasi ya seneta na ile ya mbunge. Anaona njano na kijani.

Zaidi ya hapo, mtengenezaji huenda hata hakuichagua picha hiyo. YouTube humpa aliyepandisha video picha tatu zilizochomolewa humo ndani, achague mojawapo au aweke yake. Mwenye haraka huchukua ya kwanza. Ni mashine imekata video pale mama alipoinua karatasi mbili, wala haijui wilbaro ni nini. Tiba yake si ngumu: kijipicha kitengenezwe kwa makusudi, na kionyeshe karatasi zote sita zikiwa zimepangwa pamoja, au kisanduku cha kura na kidole chenye wino. Pasiwepo sokoni, pasiwepo jukwaani, na nguo za anayeonekana ziwe za rangi isiyopeperushwa na chama kikubwa chochote msimu huo.

Wengine hufikiri watakwepa tatizo kwa kuchora karatasi ya kura ya mfano yenye wagombea wa kubuni, kila mmoja na alama yake: kikombe, jogoo, mwavuli, taa. Hapo kuna mtego. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na vyama zaidi ya 80 vilivyosajiliwa, kila kimoja na alama yake, na vyama vimekwisha kugawana wanyama, matunda na vyombo vya nyumbani. Ni vigumu kuchora kitu kinachotambulika ambacho hakina mwenyewe. Kabla ya kutumia alama yoyote, orodha ya Msajili wa Vyama vya Siasa ipitiwe mwanzo hadi mwisho, au picha ibaki na maumbo matupu: duara, pembetatu, mraba. Na ile alama ya mfano inayowekwa mbele ya jina isikae kila mara kwenye mstari wa kwanza.

Turudi kwenye maneno. “Mabadiliko” halionekani kuwa na ubaya wowote. Lakini anayeomba mabadiliko ameshasema kwamba yaliyopo hayafai, na hiyo ni hoja ya wapinzani wa aliye madarakani popote duniani. Watanzania wanalikumbuka neno hilo kutoka mwaka 2015, lilipokuwa wimbo wa mikutano ya Edward Lowassa na muungano wa Ukawa, huku upande wa pili John Magufuli akijibu kwa “Hapa Kazi Tu”. Baadaye, Rais Samia Suluhu Hassan aliposhika uongozi mwaka 2021, ikaja “Kazi Iendelee”. Maneno kazi, endelea na badilika ni ya kila siku; mtoto wa darasa la pili anayatumia. Kwenye kichwa cha video ya elimu ya mpiga kura, katika msimu wake, kila moja lina rangi ya kofia.

Kenya nako ni hivyo hivyo. Mwaka 2017 “Tano Tena” ilikuwa kaulimbiu ya Jubilee ya kumwombea Uhuru Kenyatta muhula wa pili. Mwaka 2022 Azimio la Umoja walitembea na “Inawezekana”. Na “Baba” kwa miaka mingi lilikuwa jina la Raila Odinga, hadi alipofariki Oktoba 2025 na hata baada ya hapo. Video yenye kichwa “Baba, umejiandikisha?”, ikiwa ni ya mtoto akizungumza na mzazi wake, ingekuwa tamu Tanga au Kigoma. Kisumu au Eldoret ingesomwa vingine kabisa.

Hii ndiyo sababu orodha ya maneno yaliyokatazwa haiwezi kuandikwa mara moja ikadumu. Maneno hubadilisha wenyewe kila uchaguzi. Kazi ya maana ni kukaa chini, wiki chache kabla ya kupandisha video, na kuandika kwenye karatasi moja kaulimbiu, alama, rangi, majina ya utani na misemo ya majukwaani ya vyama vyote vinavyoshindana msimu huo, vidogo kwa vikubwa. Kisha kichwa, maelezo na lebo vinalinganishwa na karatasi hiyo neno kwa neno. Ni kazi ya saa moja au mbili.

Yapo pia maneno mazito zaidi kuliko kaulimbiu, kwa sababu hayaonekani kabisa kuwa ya upande wowote. “Jitokeze upige kura” ni mfano mkubwa. Kwa kawaida huo ni wito wa kila tume na kila asasi, na hauna shida. Lakini tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais wa 8 Agosti, kura ya marudio ikapangwa 26 Oktoba, na tarehe 10 Oktoba Raila Odinga akajiondoa na kuwataka wafuasi wake wasishiriki. Kuanzia siku hiyo, kwenda au kutokwenda kituoni kukawa ndiko kuchagua upande. Aliyeandika “Jitokeze!” alisomwa kama mtu wa Jubilee, aliyenyamaza alisomwa kama mtu wa NASA.

Katika hali kama hiyo, kilichobaki ni kueleza bila kuamuru. “Vituo vitafunguliwa lini na utahitaji nini kupiga kura ya 26 Oktoba” inamsaidia anayetaka kupiga kura na haimsukumi asiyetaka. Tofauti hiyo ya kisarufi, kati ya kitenzi cha amri na sentensi ya taarifa, ndiyo kinga bora niijuayo katika kazi hii nzima. Kichwa kinachoanza na “Jinsi ya”, “Nini hufanyika”, “Wapi” au “Lini” ni vigumu kukitia chama. Kinachoanza na “Chagua”, “Kataa”, “Okoa” au “Usikubali” hakihitaji hata kusogezwa.

Jozi nyingine ni ya baada ya kura. Ukiandika “Linda kura yako”, umeazima lugha ya upinzani, maana mwenye hofu ya kuibiwa kura kwa kawaida ni yule asiyeshika dola. Ukiandika “Piga kura urudi nyumbani”, umeazima lugha ya serikali. Tanzania ilishuhudia mvutano huo mwaka 2015: wapinzani waliwataka wafuasi wao wabaki umbali wa mita 200 kutoka kituoni, tume ikawataka watu waende zao, na siku chache kabla ya kura ya 25 Oktoba Mahakama Kuu ikaamua kwamba watu wasikusanyike. Kila kimoja kati ya vichwa hivyo viwili kina ukweli ndani yake, na kila kimoja kina kambi. Kichwa kinachoweza kusomwa na wote ni kirefu kidogo na hakina mvuto: “Baada ya kupiga kura: sheria inasema nini kuhusu kubaki karibu na kituo”. Mvuto uliopotea hapo ni bei halali.

Hata amani ina upande wake. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa 2013, wito wa kukubali matokeo na kuendelea na maisha ulizoeleka sana midomoni mwa walioshinda, na ukawauma walioshindwa. Asasi inayoandika “Kubali matokeo, tudumishe amani” inaweza kuwa inaomba amani kwa moyo safi kabisa. Mwenye kesi mahakamani anasikia akiambiwa anyamaze. Kuna namna ya kulisema jambo hilo hilo kwa ukamilifu. Katiba ya Kenya inampa mlalamikaji siku saba tangu matokeo ya rais kutangazwa kuwasilisha ombi la kuyapinga, na Mahakama ya Juu siku 14 za kuamua. Video yenye kichwa “Matokeo ya rais: yanatangazwaje na yanapingwaje mahakamani” inamhudumia mshindi na mshindwa katika sentensi moja.

Lebo ndizo zinazoleta tamaa kubwa. Kijana wa mitandao anajua kwamba watu wanatafuta majina ya wagombea usiku na mchana, kwa hiyo anayaweka ili video ya elimu ipate watazamaji wa kupita. Kikundi chetu cha Nakuru kiliweka Ruto na Raila. Kwenye karatasi ya rais mwaka 2022 kulikuwa na majina manne: pamoja na hao wawili walikuwapo George Wajackoyah na David Mwaure. Kuweka wawili na kuacha wawili ni kuamua nani mgombea wa kweli na nani msindikizaji, uamuzi ambao ni wa mpiga kura peke yake. Na kuwaweka wote wanne hakusaidii, kwa sababu video haizungumzi habari zao. YouTube yenyewe inakataza metadata inayopotosha kuhusu kilichomo ndani ya video.

Wengi hujipa moyo kwamba lebo hazionekani. Kwa mtazamaji wa kawaida ni kweli. Lakini yeyote mwenye kompyuta akifungua msimbo wa ukurasa atazikuta, na wapo watu kwenye kila kambi ambao hiyo ndiyo kazi yao. Picha ya skrini yenye jina la mgombea mmoja ndani ya video ya “elimu” inatosha kuzua zogo la wiki nzima. Yote hayo kwa faida ndogo sana: YouTube imesema wazi kwamba lebo zina mchango mdogo katika kumfanya mtu aipate video, na manufaa yake makubwa ni kwa maneno ambayo watu hukosea tahajia. Hapo mtengenezaji wa Kiswahili ana kazi halali ya kuzifanyia: “kupiga kura” na “kupigakura”, “kadi ya kura”, “IEBC” na “IBEC”. Kwa video yetu ya Nakuru, zilizotosha ni hizi:

```
<meta name="keywords" content="jinsi ya kupiga kura,
kura sita, kupigakura, IEBC, uchaguzi mkuu 2022">
```

Alama reli zinahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu zinaonekana na kubonyezeka. Ukitumia alama reli iliyoanzishwa na chama, hata kama maneno yake ni mazuri, umeiweka video yako katika msururu wa picha za mikutano yake.

Jina la faili ni dogo lakini limewahi kuleta fedheha kwa watu makini. Video inapopandishwa YouTube, jina la faili hujazwa lenyewe mahali pa kichwa mpaka mtu aandike kingine. Mpiga picha aliyepitia mkutano wa chama asubuhi na kurekodi elimu ya mpiga kura mchana huweza kuacha faili yenye jina la chama. Mtu akibonyeza “chapisha” kabla ya kusahihisha, kichwa hicho ndicho kinachotoka. Iitwe `jinsi-ya-kupiga-kura-2022.mp4` tangu kwenye meza ya uhariri, na hofu hiyo inaisha.

Maelezo ya video yana nafasi kubwa, hadi herufi 5,000, lakini inayoonekana bila kubonyeza ni mistari michache ya mwanzo. Hapo pawekwe mambo matatu ya ukweli: video inaeleza nini, ni ya uchaguzi upi, na nani ameitengeneza kwa fedha za nani. Hili la mwisho huogopwa. Asasi nyingi huona kwamba kutaja mfadhili, hasa wa kutoka nje, kutaleta maneno. Kutomtaja huleta maneno mabaya zaidi siku anapojulikana, na hujulikana.

Chini kabisa, mahali pa shukrani, ndipo upendeleo hupenda kujificha. “Tunamshukuru Mheshimiwa Mbunge kwa kutupatia ukumbi.” Ni adabu, na katika jamii zetu kukosa kushukuru ni aibu. Lakini mheshimiwa huyo ni mgombea, na jina lake sasa limo ndani ya somo la jinsi ya kutia alama kwenye karatasi yake. Kumfuta kwenye shukrani huku ukumbi ukiwa wake si suluhisho, kwa kuwa hapo unaficha. Suluhisho ni kurekodi kwingine: shuleni wakati wa likizo, kanisani au msikitini kwa ruhusa, au chini ya mwembe.

Sura za ndani ya video huandikwa kwenye maelezo hayo hayo. YouTube huzitambua zikianza na 0:00, zikiwa angalau tatu, na kila moja ikidumu sekunde kumi au zaidi. Za video yetu zingeweza kuwa hivi:

```
0:00 Vitu vya kubeba kituoni
0:40 Kutambuliwa kwa kifaa cha KIEMS
1:25 Karatasi sita za kura
2:40 Kutia alama na kukunja
3:20 Masanduku sita
```

Hakuna kivumishi cha sifa hata kimoja humo. Vivumishi vya sifa ndivyo vinavyobeba hukumu: “kiongozi bora”, “mgombea msafi”, “uchaguzi wa kihistoria”. Mwaka 2022 Azimio, na hasa mgombea mwenza wake Martha Karua, walifanya vita dhidi ya ufisadi kuwa hoja yao kubwa. Kichwa “Chagua viongozi waadilifu” kilikuwa na haki yote ya kimaadili, na bado msimu ule kilisikika kama mwangwi wa jukwaa la upande mmoja. Kama somo ni uadilifu, kichwa kitaje sheria: “Sura ya Sita ya Katiba inadai nini kwa anayegombea”. Sura hiyo inawabana wagombea wa vyama vyote kwa kipimo kimoja.

Kichwa cha mwisho cha video ya Nakuru, baada ya yote hayo, kingekuwa hiki: “Jinsi ya kupiga kura sita: Uchaguzi Mkuu wa Kenya, 9 Agosti 2022”. Kina herufi 64, ndani ya kikomo cha 100 ambacho YouTube inaruhusu, na maneno ya maana yako mwanzoni. Mpangilio huo wa mwanzoni si mapambo. Simu hukata kichwa kirefu katikati. Kuna tofauti ya kutisha kati ya “Usipige kura kabla ya kujua haya” na kile ambacho skrini ndogo inaweza kubakiza: “Usipige kura…”. Kichwa cha elimu kimegeuka mwito wa kususia, bila mtu kubadilisha herufi hata moja. Basi neno la kukataza lisiwe mwanzo wa kichwa kamwe, na kabla ya kuchapisha, video itazamwe kwenye simu ya bei nafuu, si kwenye kompyuta ya ofisini.

Tarehe na idadi katika kichwa zina hatari yake pia. Mkesha wa uchaguzi huo wa 2022, IEBC iliahirisha kura ya gavana katika kaunti za Mombasa na Kakamega kwa sababu karatasi zilikuwa na makosa, na hatimaye ikafanyika 29 Agosti. Kwa wapiga kura wa kaunti hizo, kura sita zikawa tano siku ile. Uvumi ulijaa kuhusu nani amefaidika. Aliyekuwa na video mtandaoni alihitaji kuongeza mstari mmoja juu ya maelezo, na namna ya kuuandika ndiyo ilipima uadilifu wake: “Kura ya gavana Mombasa na Kakamega imeahirishwa na IEBC. Maelezo haya yamesasishwa tarehe fulani.” Aliyeongeza “kwa njia ya kutatanisha” alikuwa ameshachagua mshtaki, na aliyeongeza “kwa nia njema” alikuwa ameshachagua wakili.

Baada ya kulinganisha na karatasi ya kaulimbiu, linabaki jaribio moja ambalo haliwezi kufanywa na mwandishi mwenyewe. Metadata ichapwe peke yake, kichwa, maelezo, lebo na kijipicha, bila video. Wapewe watu wanaojulikana kupenda vyama tofauti, na angalau mmoja asiyependa chochote, kila mmoja kwa wakati wake ili wasiambukizane majibu. Waulizwe swali moja tu: aliyeandika hivi anampigia nani? Wasiulizwe kama maneno yanapendelea, maana mtu akiulizwa hivyo hujibu kwa adabu. Wote wakisema hawajui, video iende. Mmoja akitaja jina bila kusita, aulizwe ni neno gani lililomwambia. Mara nyingi atanyoosha kidole kwenye kitu ambacho hakuna mtu ofisini aliyekiona.

Jaribio hili lina mipaka. Wapo watakaoiona njama katika kila kitu, na chama kinachofaidika na watu wachache kujitokeza kitachukia elimu yenyewe hata ikiandikwa na malaika. Mtengenezaji hawezi kumridhisha kila mtu. Anachoweza ni kuhakikisha kwamba anayelalamika hana neno la kunyooshea kidole.

Uchaguzi Mkuu ujao wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027. Video nyingi za 2017 na 2022 bado ziko mtandaoni, zikiwa na vichwa vyake vya zamani, na zitaanza tena kutumwa kwenye makundi kabla ya siku hiyo. Mwenye video ya namna hiyo aifungue leo, aweke mwaka kwenye kichwa, afute majina ya wagombea kwenye lebo, na atazame upya ni nini kiko nyuma ya yule mama kwenye kijipicha.